Dakika za fundi: namna ya kupanga bei ya kurekebisha nguo

Katika maduka mengi ya mafundi cherehani, bei hutoka mdomoni kabla nguo haijageuzwa kuonwa ndani. Mteja anaingia na mfuko, anatoa gauni, anasema, "Fundi, nataka unifupishie hili, shilingi ngapi?" Fundi analitupia jicho, anamtazama mteja mwenyewe, anataja elfu tatu. Jioni, majirani wakiwa wanafunga fremu zao, yeye bado ameinama juu ya gauni lile lile. Amekuta lina matabaka mawili, shifoni juu na bitana chini, na pindo lake linazunguka kama halina mwisho.

Pindo hilo linapimika, na vipimo vyake vinaeleza kwa nini jioni imemkuta. Suruali ya kawaida ina upana wa mguu wa sentimita 40 hadi 45 kwa kuzunguka chini, kwa hiyo miguu yote miwili haifiki hata mita moja ya kushona. Sketi ya duara kamili yenye urefu wa mita moja kutoka kiunoni, kwa mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 70, ina pindo la karibu mita saba. Tena kitambaa cha duara kimekatwa kwa mshazari sehemu kadhaa, hivyo hurefuka kikining'inia, na hakirefuki sawasawa pande zote. Fundi makini hulitundika gauni usiku kucha kabla ya kulisawazisha. Shifoni nayo huteleza chini ya mguu wa cherehani, na hutaka pindo jembamba lililokunjwa mara mbili. Yote hayo yamefanywa kwa bei iliyotajwa kwa sekunde tano.

Hasara hiyo haibaki kwa fundi peke yake. Kodi ya fremu iko pale pale na watoto wanasubiri chakula, kwa hiyo shilingi iliyopotea kwenye gauni itatafutwa mahali pengine. Mara nyingi hutafutwa kwa kijana anayefuata mlangoni na suruali ya kitambaa, kazi ya robo saa, ambaye naye anaambiwa elfu tatu. Bei ya kukisia humwonea fundi asubuhi na mteja mchana. Aliyeleta kazi nyepesi anamlipia aliyeleta kazi nzito, na hakuna hata mmoja wao anayejua.

Dawa yake inajulikana na haihitaji mtaji: kila kazi ipimwe kwa muda inaochukua, kisha uongezwe ugumu ambao muda hauwezi kuuonyesha. Anayeshona nguo mpya kwa kipimo ana angalau nafuu moja, maana kitambaa anakijua tangu mwanzo. Fundi wa marekebisho hupokea nguo iliyokwisha kushonwa na mtu asiyemjua, kiwandani au kwingineko, na siri zake ziko chini ya bitana. Jijini Dar es Salaam sehemu kubwa ya kazi hizo inatokana na mitumba. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipanga kuiondoa sokoni taratibu, lakini Tanzania na Kenya ziliuacha mpango huo. Masoko kama Karume na Gikomba yameendelea kujaa makoti na suruali zilizokatwa kwa miili mirefu ya Ulaya na Amerika, na nguo hizo huishia mezani kwa fundi zikisubiri kupunguzwa.

Kabla ya kupima kazi, fundi anatakiwa kujua dakika yake moja inauzwa kwa kiasi gani. Tuchukue mfano wa duka lenye fundi mmoja na mwanafunzi mmoja. Fundi anahitaji kupeleka nyumbani shilingi 520,000 kwa mwezi. Fremu ni 100,000, umeme 30,000, uzi, sindano na mafuta ya cherehani 40,000. Chakula na nauli ya mwanafunzi ni 60,000, na nyingine 30,000 zinawekwa kando kwa matengenezo ya mashine na kwa siku ambayo mashine mpya itahitajika. Jumla ni 780,000.

Mafundi wengi hukosea kwenye mstari ule wa kwanza. Huandika kodi na umeme, huandika uzi, lakini wao wenyewe hawajiandiki. Kinachobaki mwisho wa mwezi ndicho huitwa mshahara, na mwezi mbaya hakibaki kitu. Mshahara wa fundi ni gharama ya duka kama kodi ilivyo, na unaandikwa kwanza.

Kosa la pili liko kwenye saa, na hilo ndilo kubwa zaidi. Duka linafunguliwa saa tisa kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani dakika 14,040. Anayegawanya 780,000 kwa dakika hizo anapata takriban shilingi 56 kwa dakika, na anaona bei zake ziko sawa. Lakini hakuna fundi anayeshona saa tisa kwa siku. Kuna wateja wanaouliza bei na kuondoka, safari ya kufuata zipu, umeme unaokatika, kufagia, kupokea na kukabidhi nguo. Akiandika kwa wiki moja muda ambao mikono yake iko kweli kwenye nguo, tuseme atakuta ni saa tano. Saa tano kwa siku 26 ni dakika 7,800. Hapo 780,000 inagawanyika kuwa shilingi 100 kwa dakika.

Tofauti ya 56 na 100 ndiyo inayofunga maduka. Fundi anayetoza 56 huku akiwa na dakika 7,800 tu za kuuza atakusanya kama 437,000. Akishalipa fremu, umeme, uzi, mwanafunzi na akiba ya mashine, mkononi atabaki na 177,000 badala ya 520,000. Atadhani wateja wamepungua, au mkosi umemwandama, na huku amefanya kazi mwezi mzima bila kupumzika. Hizi 100 ni za duka la mfano huu, bila shaka. Fundi mwenye fremu ya bei kali atapata zaidi, na anayeshonea barazani kwake atapata pungufu. Njia ya kuzipata ni ile ile.

Sasa saa. Simu yoyote ya mkononi ina kipima muda, na daftari la shule linatosha. Kazi ianze kuhesabiwa mteja anapovaa nguo na kuwekewa pini, na iishe nguo inapokunjwa baada ya pasi. Muda wa kufumua uhesabiwe, na wa kuondoa nyuzi, na wa kutafuta rangi ya uzi inayofanana. Muda wa salamu na maulizo usiingizwe humu, kwa kuwa tayari umetolewa pale saa tisa zilipogeuka kuwa tano. Ukiuingiza mara mbili, mteja anaulipia mara mbili.

Kipimo kimoja hakitoshi. Tuseme fundi amepima kazi saba za kufupisha jinzi, akapata dakika 22, 24, 24, 25, 27, 29 na 46. Akitafuta wastani wa kawaida atapata 28, kwa sababu ile 46 imeuvuta juu. Ni bora azipange kuanzia ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, ambayo ni 25. Kisha ajiulize ile 46 ilitoka wapi. Kama umeme ulikatika, haimhusu mteja wa jinzi. Kama sindano ilivunjika kwenye mshono wa pembeni, na huwa inavunjika mara kwa mara mahali hapo, basi hiyo ni sehemu ya kazi ya jinzi na inabidi iwe na nafasi yake kwenye bei.

Jinzi yenyewe ina mengi ya kueleza. Mteja wa siku hizi hataki pindo jipya. Anataka lile la kiwandani libaki, pamoja na uzi wake mnene na mchubuko wake. Fundi hukunja mguu kwa nje, akashona karibu kabisa na ukingo wa pindo la zamani, akakata kinachozidi, akapiga ovaloki, kisha akalirudisha pindo chini na kulipiga pasi. Pale mshono wa pembeni unapokutana na pindo kuna kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, kigumu kama ubao. Hapo hugongwa kwa nyundo kilale, sindano namba 14 hubadilishwa iwekwe namba 16 au 18, na gurudumu la cherehani huzungushwa kwa mkono. Suruali ya kitambaa haina lolote la haya. Ikiwa inachukua dakika 15, bei yake katika duka letu ni 1,500, na jinzi ya dakika 25 ni 2,500. Kwa maneno ya mlangoni zote mbili ni kufupisha suruali.

Jambo linalowashangaza wengi wanaoanza kupima ni jinsi cherehani inavyokula muda mdogo. Kubadilisha zipu ya jinzi kunaweza kugawanyika hivi: kufumua kwa wembe dakika 12, kuokota nyuzi 3, kukata na kupachika zipu mpya 5, kushona 10, kurudishia mishono ya juu na vile vipande vizito vya kukaza 5, pasi 3. Jumla ni 38, na mashine imelia robo saa tu. Anayekadiria bei kwa kukumbuka mlio wa mashine ataikosa zaidi ya nusu ya kazi. Katika duka letu ni shilingi 3,800 pamoja na bei ya zipu yenyewe.

Wakati mwingine saa huonyesha kinyume, na hapo uaminifu wa fundi unapimwa. Zipu nyingi zinazoletwa zikiwa "zimekufa" zina meno mazima. Kilicholegea ni kile kichwa kinachopanda na kushuka. Kukibana taratibu kwa koleo, au kukibadilisha, ni kazi ya dakika tano. Mteja hajui, na fundi angeweza kumtoza zipu nzima. Bei ya haki ni ya dakika tano na kichwa kipya.

Kupima kazi kwa saa kuna historia yenye uchungu, na fundi mwenye wasaidizi anapaswa kuijua. Mhandisi Frederick Taylor alianza kupima vibarua wa kiwanda cha chuma cha Midvale, Filadelfia, katika miaka ya 1880, na lengo lake lilikuwa kuwafanya wazalishe zaidi. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, waligoma kwa kukataa kusimamiwa na saa, na baadaye Bunge la Marekani likazuia fedha za serikali zisitumike kulipia upimaji huo. Ubishi wao ulikuwa na msingi: aliyeshika saa hakuwa yeye aliyeshika nyundo. Katika duka dogo fundi anajipima mwenyewe ili kujua thamani ya jasho lake. Akianza kumpima mwanafunzi ili amfokee, atapata namba za uongo, maana mtu aliyetishwa huharakisha saa inapowashwa na hupunguza mwendo inapozimwa.

Mwanafunzi huyo huibua swali jingine. Kazi ya dakika 15 yeye anaifanya kwa 40. Nani azilipe zile 25 za ziada? Hawezi kuwa mteja, kwa kuwa amekuja kununua pindo, hakuja kugharimia mafunzo. Bei hupangwa kwa mwendo wa fundi aliyeiva, mwendo anaoweza kuuhimili kutwa nzima bila kukimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi aliyeongeza kasi kwa uzoefu wa miaka kumi hapaswi kushusha bei kila anapookoa dakika. Muda wa bei ukishawekwa hubaki, hadi mashine mpya au njia mpya ya kushona iubadilishe.

Ndipo tunafika kwenye ugumu, na hapa wengi hupotea njia. Kitambaa kinachoteleza hushonwa polepole, lakini upole huo umo tayari ndani ya dakika zilizopimwa. Kuuongezea tena bei ya ugumu ni kutoza mara mbili. Ugumu unaostahili malipo yake ni ule usioonekana kwenye saa: kazi ambayo ikikosewa hairudi. Ngozi ni hivyo, kwa kuwa tundu la sindano halifutiki. Hariri na satini hubaki na alama. Gauni la shanga hutaka shanga zing'olewe kwa mkono kwenye njia ya mshono na kurudishwa moja moja, na shanga moja ikivunja sindano kitambaa huweza kuvutika. Kuachia nguo iliyofuliwa kwa miaka kuna hatari yake pia, kwani mstari wa pindo la zamani, uliopauka au uliobaki na rangi kali, utaonekana hata baada ya pasi, na mteja anapaswa kuambiwa kabla wembe haujagusa uzi.

Kwa duka dogo ngazi tatu zinatosha. Kazi ya kawaida hailipiwi ugumu wowote. Kazi isiyo na marudio mepesi huongezewa robo ya bei. Kazi isiyorudi kabisa, juu ya nguo ya thamani, huongezewa nusu, na ile nyongeza huwekwa kando kwa siku ambayo nguo itaharibika na kuhitaji kufidiwa. Ugumu unakaa kwenye kitambaa na mshono. Haukai kwenye gari aliloshuka nalo mteja wala lafudhi yake, na fundi anayempandishia mtu bei kwa kumtazama viatu amerudi kule kule kwenye kukisia.

Mfano unaoweka yote haya pamoja ni mikono ya koti la suti. Wateja wawili wanaleta makoti mawili ya mtumba, kila mmoja anataka mikono ipunguzwe sentimita nne. Koti la kwanza lina vifungo vya urembo mkononi, vimeshonewa juu tu bila matundu. Fundi hufungua bitana upande wa kiganja, akang'oa vifungo, akapandisha mkunjo, akarudishia bitana na vifungo. Mikono yote miwili inachukua dakika 60, na bei ni 6,000.

Koti la pili lina matundu ya vifungo halisi yaliyokatwa. Ukilipunguza kwa chini sentimita nne, tundu la kwanza litaangukia ukingoni au litapotea. Kwa hiyo mkono wote unang'olewa begani. Bitana, pedi na mkono wenyewe hufumuliwa kwa dakika 35. Kuweka alama na kukata kichwa kipya cha mkono ni 25. Kushikiza kwa uzi wa muda, kumvalisha mteja na kurekebisha ni 30. Cherehani 25, bitana kwa mkono 20, pasi 15. Jumla ni dakika 150. Kichwa cha mkono kikishakatwa hakiungiki tena, na mkono huzidi kuwa mwembamba kadiri unavyoshuka, hivyo kuufanya ukae kwenye duara la kwapa bila mikunjo ni kazi ya fundi mkuu peke yake. Kwa kuwa koti la mtumba si nguo ya thamani kubwa, inastahili robo tu: 15,000 ikawa 18,750.

Mteja wa pili atashtuka, na ana haki ya kushtuka, maana huenda koti lenyewe alilinunua kwa bei ndogo kuliko hiyo. Hapa ndipo upimaji unapofika mpaka wake. Hauwezi kuifanya kila kazi istahili kufanywa. Fundi mkweli atageuza mkono, amwonyeshe matundu na kumweleza, "Kaka, kazi hii ni karibu 19,000, na koti ulilinunua chini ya hapo. Ukilipenda sana nitakufanyia. Kama siyo, tafuta lenye mkono wako." Dakika mbili za maelezo hayo zinamwokoa na saa mbili na nusu za kazi ya hasara.

Mazungumzo ya bei hayaishi kwa kuwa na daftari, na hayahitaji kuisha. Kinachobadilika ni kinachopunguzwa. Mteja wa jinzi akiomba, "Nipunguzie basi fundi wangu," fundi anaweza kupunguza kazi badala ya kupunguza dakika zake: pindo la kawaida badala ya kubakiza la kiwandani, na bei inashuka kwa sababu muda umeshuka. Januari shule zinapofunguliwa, mzazi anayeleta sketi sita za rangi moja anastahili nafuu ya kweli, kwani uzi unafungwa mara moja, mashine inatengwa mara moja, na kila pindo linachukua dakika chache kuliko likiletwa peke yake. Upande wa pili, kifungo kimoja cha dakika tatu hakiwezi kuuzwa 300, kwa kuwa kumpokea mteja na kumrudishia shati kunazidi hapo. Duka linahitaji bei ya chini kabisa, tuseme 1,000, na ibandikwe ukutani ili isimshtue mtu.

Sokoni huenda jirani akatoza 1,000 kwa pindo ambalo daftari linasema ni 1,500. Fundi asikimbilie kuifuata bei hiyo kabla ya kutazama dakika zake zinakwenda wapi. Pengine anapoteza saa nzima kila siku kufuata zipu moja moja, na akinunua za rangi zinazotumika sana mara moja kwa wiki ataongeza muda wa kuuza, na bei ya dakika itashuka bila kumnyima mtu chakula. Pengine kazi ya pindo jepesi aiache kwa jirani na kubaki na makoti, kama huko ndiko mkono wake uliko.

Mteja naye ana la kufanya. Aje na viatu atakavyovaa na suruali hiyo, maana urefu uliopimwa kwa kandambili haufai kwa kiatu cha kisigino, na kupima mara ya pili ni dakika zinazolipwa na mtu. Nguo iwe imefuliwa kabla ya kuletwa, hasa jinzi na pamba mpya, ambazo hurudi zikifuliwa. Na kazi isiletwe Ijumaa jioni kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, isipokuwa aliyeileta yuko tayari kulipia saa ambazo fundi alipaswa kuwa amelala.